Sanduku Lako Baada ya Kaunta: Mwongozo Kamili wa Safari ya Mzigo Kutoka Mkanda Hadi Tumbo la Ndege

Katika Jengo la Tatu la Abiria la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, jijini Dar es Salaam, abiria huliona sanduku lake kwa mara ya mwisho pale linapopita chini ya mapazia ya mpira nyuma ya kaunta. Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa upande wa pili wa mapazia hayo, katika kampuni moja ya huduma za uwanjani, kwanza nikiwa mpakiaji na baadaye nikiwa mmoja wa watu wanaofuatilia mizigo iliyochelewa. Jambo ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba masanduku machache sana hupotea kwa sababu mtu hakuyaona. Mengi hupotea kwa sababu sanduku na namba yake vimeachana, au kwa sababu namba ilisomwa sawasawa lakini dakika zilikuwa zimekwisha. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hatua kwa hatua, na katika kila hatua unaeleza kosa linakotokea na jinsi abiria anavyoweza kulizuia au kulitambua.

Lebo na namba yake ya tarakimu kumi

Mhudumu wa kaunta anapopima sanduku na kufunga ile lebo ndefu kwenye mpini, anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza linaonekana, nalo ni lebo yenyewe. La pili halionekani: kompyuta ya shirika la ndege hutuma ujumbe kwenda kwenye mfumo wa mizigo wa uwanja, ukisema kwamba namba fulani ni ya abiria fulani, anasafiri kwa ndege fulani, na mzigo wake uishie mji fulani.

Namba hiyo ina tarakimu kumi. Ya kwanza inaonyesha aina ya lebo, tatu zinazofuata ni namba ya shirika lililoitoa, na sita za mwisho ni za mfululizo tu. Kwa mfano, lebo ya `0197345678` ni lebo ya kawaida iliyotolewa na Air Tanzania, kwa kuwa 197 ndiyo namba ya shirika hilo. Tazama vizuri na utagundua kwamba hakuna mahali popote katika tarakimu hizo panapotajwa mji unaokwenda. Herufi tatu kubwa zilizochapwa kwenye lebo, kama `DAR`, `NBO` au `CAN`, ni kwa ajili ya macho ya binadamu. Mashine husoma namba, kisha hutafuta ujumbe unaolingana nayo. Ujumbe usipofika, kwa mfano kwa sababu mawasiliano yalikatika au safari ilibadilishwa dakika za mwisho na lebo haikuchapwa upya, sanduku lenye lebo safi kabisa huwa mgeni asiyejulikana, na mkanda hulipeleka pembeni likangoje mtu.

Kosa lililo baya zaidi katika hatua hii ni lebo kufungwa kwenye sanduku lisilo lake. Hutokea pale abiria wawili wanapohudumiwa kwa haraka, au familia inapoweka mabegi matano kwenye mizani kwa mpigo, na lebo mbili zikabadilishana. Hakuna skana itakayoligundua kosa hilo, kwa sababu kila namba ni halali na kila ujumbe upo. Kwa hiyo, kabla sanduku halijasogea, soma herufi tatu za kituo cha mwisho na jina lililochapwa kwenye lebo. `MCT` ni Muscat na `MUC` ni Munich. Katika kaunta yenye kelele herufi hizo hufanana. Hakikisha pia kwamba stakabadhi ndogo unayopewa ina namba ileile na uzito ulioonekana kwenye mizani. Uzito huo una kazi baadaye, nami nitaurudia.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho karibu kila abiria hukipuuza. Lebo ndefu huwa na vipande vidogo vya sitika vyenye bakodi ileile, na mhudumu hubandika kimoja au viwili ubavuni mwa sanduku ili, lebo kubwa ikikatika, namba ibaki. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba abiria akifika nyumbani hukata lebo kubwa na kuisahau sitika, ambayo hubaki chini ya mpini au karibu na gurudumu mpaka safari nyingine.

Mkanda na mashine ya ukaguzi

Nyuma ya mapazia, mkanda mfupi huingiza sanduku kwenye mkanda mkuu kwa kuacha nafasi kati yake na jingine. Nafasi hiyo hulindwa na macho ya mwanga yaliyofungwa ubavuni mwa mkanda: boriti ya mwanga ikikatizwa, mfumo hujua kwamba sanduku limepita, na huhesabu mwendo wake hadi jicho linalofuata. Masanduku mawili yakigusana, mfumo huyahesabu kuwa moja. Kamba ndefu ya begi la mgongoni ikinaswa kwenye maungio ya mikanda, begi husimama na yaliyo nyuma yake hurundikana. Hapo ndipo mipini inapovunjika na magurudumu kung'oka. Hilo halitokani na mtu kurusha sanduku. Linatokana na uzito wa masanduku mengine yanayosukumwa na mkanda ambao bado unakwenda. Ndiyo maana mhudumu hukuomba ufunge kamba, na ndiyo maana begi laini au la duara huwekwa ndani ya trei ya plastiki. Ukiambiwa ulaze sanduku badala ya kulisimamisha kwa magurudumu, lilaze, kwani sanduku lililosimama huanguka mkanda unapopanda mteremko, na mara nyingi huangukia lebo yake.

Kisha sanduku huingia katika mashine ya kukagua vilipuzi. Mashine hufanya uamuzi wa kwanza yenyewe, na mengi hupita bila mtu kuyatazama. Yanayotiliwa shaka, picha zake hutumwa kwa afisa wa usalama aliyeketi mbele ya skrini, naye ana muda mfupi wa kuamua. Asiporidhika, sanduku hutolewa kwenye mstari kwa ukaguzi wa kina, na mwisho wake linaweza kufunguliwa, kwa kawaida mbele ya mwenyewe akipatikana.

Kwa safari zinazoanzia Dar es Salaam, kinachosimamisha masanduku kila siku ni pawabenki. Betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Mahali pake ni begi la mkononi. Afisa huiona kwenye picha, abiria hutangazwa kwa kipaza sauti, naye wakati huo amekwisha kupita uhamiaji na amevaa vipokea sauti masikioni. Dakika ishirini zinapita. Vitu vizito vilivyoshikamana, kama pakiti za sembe au unga wa muhogo zilizopangwa kwa kubanana, nazo huonekana kwenye picha kama pande moja zito na huweza kurudishwa kutazamwa tena. Mimi huwashauri watu watawanye unga katikati ya nguo badala ya kuujenga kama tofali.

Skana inayochagua njia

Baada ya ukaguzi, mkanda hupita katikati ya fremu yenye skana zinazotazama juu, ubavuni na, katika mifumo mingi, hata chini. Fremu hii ndiyo inayosoma tarakimu kumi na kuuliza ujumbe. Jibu likipatikana, kisukumizi au mkanda wa pembeni hulitupa sanduku kwenye mteremko wa ndege yake. Lebo ikiwa imekunjamana, imelowa au imelaliwa na sanduku, skana haisomi kitu, na sanduku huendelea mbele mpaka kituo ambako mfanyakazi huishika lebo kwa mkono na kuisoma kwa skana ndogo. Hili si kosa, ni utaratibu uliowekwa kwa makusudi. Lakini unakula muda, na kituo hicho mara nyingi kina mtu mmoja.

Hapa ndipo ile sitika ya zamani inaporudi. Skana haijui kwamba sitika ni ya safari iliyopita. Inachoona ni bakodi mbili zilizo halali kwenye sanduku moja. Mifumo mingine huitupilia mbali namba isiyo na ujumbe hai na kuendelea na nyingine. Mingine hukataa kuchagua, na hulipeleka sanduku kwa mtu. Kwangu mimi huo ukataaji ni busara, kwa sababu kuchagua vibaya kungelipeleka sanduku bara jingine. Hata hivyo, kila kukataa kuna bei, na bei hiyo hulipwa kwa dakika.

Chini ya mteremko: kupanga, kuhesabu, kupakia

Ukumbi wa kupanga mizigo una joto, kelele, na harufu ya mpira wa mikanda uliopata moto. Kila ndege ina sehemu yake. Mpakiaji hulipokea sanduku, hulisoma kwa skana ya mkononi, na skana humjibu kwa sauti na rangi kwamba lipakiwe au lisipakiwe. Jibu hilo linahusu mambo mawili: kama sanduku ni la ndege hii, na kama mwenyewe ameruhusiwa kusafiri. Sheria ya kutokusafirisha mzigo wa abiria ambaye hakupanda ilikazwa baada ya maafa ya ndege ya Air India mwaka 1985 na ile ya Pan Am iliyolipukia Lockerbie mwaka 1988, ambapo mabomu yaliwekwa ndani ya masanduku yasiyo na abiria wake ndani ya ndege. Ndiyo sababu, ukichelewa langoni, sanduku lako hutafutwa na kushushwa hata kama limefunikwa na mengine mia moja. Mahali pasipo na skana za mkononi, wapakiaji hubandua kipande cha sitika kutoka kila lebo na kukibandika kwenye kadi, sanduku kwa sanduku, ili wajue liko kontena gani au tela gani. Kadi ikipotea, au sitika ikibandikwa kwenye kadi ya tela la jirani, kumtafutia abiria mmoja sanduku lake huchelewesha ndege nzima.

Mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa, tangu Juni 2018, kuwa na kumbukumbu ya mzigo katika sehemu nne: unapopokewa kwa abiria, unapopakiwa ndegeni, unapokabidhiwa kwenye eneo la kuunganisha safari, na unaporudishwa kwa abiria. Unapoambiwa kwamba sanduku "halionekani", omba kwa adabu uelezwe lilionekana mara ya mwisho katika sehemu ipi kati ya hizo. Jibu lake litakwambia zaidi kuliko pole kumi.

Upakiaji wenyewe hutegemea ndege. Ndege kubwa ya njia mbili za kupita, kama Boeing 787, hubeba makontena ya alumini yaliyokatwa kona moja ya chini ili yaingie kwenye mviringo wa tumbo la ndege, na moja huchukua takriban masanduku 30 hadi 40. Mpakiaji mzuri huweka magumu chini na laini juu. Mpakiaji aliyebakiwa na dakika tano huweka lililofika. Makontena ya mizigo inayounganisha safari hutengwa na ya wanaoshukia kituo kinachofuata, ili kule mbele yaelekee njia mbili tofauti bila kufunguliwa na kuchambuliwa. Baada ya makontena kufungwa, masanduku yanayochelewa huwekwa katika chumba kidogo cha nyuma, yakiwa huru chini ya wavu.

Ndege ndogo, kama zile za mapanga zinazokwenda Songwe au Mtwara, hazina kontena. Huko sanduku hutoka kwenye tela hadi mlangoni, na ndani kuna mtu aliyepiga magoti kwenye chumba ambacho hawezi kusimama, akilipokea kwa mikono na kulipanga kama tofali. Fikiria mtu huyo akipokea masanduku sabini ya kilo 23 ndani ya nusu saa, mchana wa Februari. Sanduku la kilo 32, ambazo katika mashirika mengi ndizo kikomo cha mzigo mmoja, haliinuliwi kwa utaratibu na mtu aliyepiga magoti, huburutwa. Kwa hiyo, ukiweza kugawa kilo 32 kuwa mabegi mawili, gawa, hata kama tiketi inakuruhusu. Ndege hizo pia huacha mizigo kwa sababu ya uzito: kukiwa na abiria wengi, mafuta mengi na joto kali, rubani hupewa kikomo, na kinachopunguzwa kwanza mara nyingi ni mabegi. Hapo hakuna aliyekosea, ingawa abiria ana haki ya kuambiwa kabla hajasimama nusu saa mbele ya mkanda mtupu.

Kati ya ukumbi na ndege kuna matela yanayovutwa na trekta, na mengi hayana paa imara. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nimeona masanduku ya kitambaa yakifika mlangoni mwa ndege yakichuruzika maji. Weka nguo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki kabla ya kuziingiza sandukuni. Ndani ya ndege, tumbo lina mgandamizo wa hewa sawa na sehemu ya abiria, ambao ukiwa angani hupungua kama vile uko mlimani. Hewa iliyobaki juu ya mafuta ya nazi au achari kwenye chupa hutanuka na kusukuma kimiminika kupita kwenye kifuniko. Begi linalovuja huwekwa kando, kwa kuwa hakuna anayejua kinachovuja ni nini, nalo hukaa kando mpaka mtu apate nafasi ya kujua. Bandika gundi ya karatasi kuzunguka kifuniko, kisha funga chupa katika mifuko miwili.

Kuhusu wizi, nitasema wazi nilichokiona. Hautokei kwenye mikanda, ambako sanduku halitulii. Hutokea mahali ambapo sanduku limekaa kwa muda na watu wachache: ndani ya tumbo la ndege lisilo na kontena, au kwenye mzigo uliolala usiku mmoja. Wengi wa wale niliofanya nao kazi hawakuwahi kugusa cha mtu. Jilinde kwa kuunganisha vishikio viwili vya zipu na kuvifunga kwa kamba ya plastiki kwenye kona moja ya sanduku, ili zipu isiweze kutelezeshwa huku na huko. Fedha, dhahabu, simu na dawa vibaki mkononi. Ukilikuta sanduku limefunguliwa, usitoke ukumbini: omba lipimwe, na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi. Tofauti ya kilo mbili iliyoandikwa pale pale ni ushahidi. Ikigunduliwa Mbagala saa tatu baadaye, ni madai tu.

Kisa cha sanduku la kijani

Mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alisafiri kwenda Guangzhou kwa kupitia kituo cha kuunganisha safari. Sanduku lake la kijani, kilo 22, halikufika naye. Kwa kuwa safari ilianzia kwetu, ombi la ufuatiliaji lilinifikia mimi, na nilikaa na kumbukumbu za skana mpaka nikaielewa njia yote.

Ndege ilikuwa iondoke saa 11:30 jioni. Mama alifika kaunta saa 10:10, dakika ishirini kabla kaunta haijafungwa. Kisheria hakuchelewa. Sanduku lilipita ukaguzi bila shaka yoyote, na saa 10:18 likafika kwenye fremu ya skana. Hapo zilisomwa namba mbili: ya safari hii na ya safari aliyoifanya wiki chache nyuma. Mfumo ulikataa kuchagua. Sanduku likaenda kwa msomaji wa mkono, ambaye mbele yake kulikuwa na foleni ya masanduku yaliyofungwa kwa nailoni, kila moja likihitaji kugeuzwageuzwa mpaka lebo ionekane. Alilisoma saa 10:43. Lilipoteremka kwenye sehemu ya ndege yake saa 10:50, kontena la wanaounganisha safari lilikuwa limefungwa na kuandikwa kwenye karatasi ya upakiaji. Mpakiaji alifanya lililo sahihi: alilipakia kwenye tela la mwisho, likaingia chumba cha nyuma pamoja na mzigo mwingine uliochelewa. Kwenye kumbukumbu zetu lilisomeka "limepakiwa", na kwa upande wa Dar es Salaam kazi ilionekana imekamilika.

Kwenye kituo cha kuunganisha, mama alikuwa na dakika 75 kati ya kutua na kuruka tena. Kontena la mizigo inayounganisha lilishushwa mapema na kuvutwa moja kwa moja. Chumba cha nyuma kilifunguliwa baadaye, na yaliyokuwamo yalikuwa mchanganyiko wa mizigo ya wenyeji wa mji ule na ya wasafiri, hivyo yalilazimika kuchambuliwa. Sanduku la kijani lilisomwa kwenye mkanda wa kuunganisha dakika 46 baada ya ndege kutua, zikiwa zimebaki 29. Wakati huo mizigo ya ndege ya Guangzhou ilikuwa imefungwa. Mama aliwahi kwa kukimbia. Sanduku lake halikuwa na miguu ya kukimbilia.

Ukitazama sehemu moja tu, huoni kosa. Kaunta ilifuata sheria, skana ilifanya kazi yake, mpakiaji hakuzembea, na wenzetu wa kule walichambua kwa kasi ya kawaida. Kosa lilianza na sitika yenye upana wa vidole viwili, likazaa dakika 25 za foleni, dakika hizo zikalitoa sanduku kwenye kontena lake, na kukosa kontena kukala nafasi ndogo iliyokuwapo kule mbele. Ndiyo maana siku zote husema kwamba mahali sanduku lilipokwama na mahali lilipoanza kuchelewa si lazima pawe pamoja. Mizigo ya kuunganisha safari ndiyo inayoongoza kwa kuchelewa duniani: takwimu za mwaka 2023 za SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa anga, zilionyesha mizigo 6.9 iliyopata matatizo kwa kila abiria 1,000, na karibu nusu ya ucheleweshaji ukitokana na kubadilisha ndege. Unaponunua tiketi, usiangalie tu kama wewe unaweza kufika lango la pili. Kama kuna ndege ya baadaye yenye nafasi ya saa mbili na nusu badala ya saa moja na robo, ichague, hasa ukijua utafika kaunta dakika za mwisho.

Sanduku lisipotokea

Mama alifanya jambo moja kwa usahihi kabisa. Hakwenda hotelini kwanza. Alikwenda kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, akaonyesha stakabadhi, akaeleza rangi, ukubwa, na kitu cha pekee kilichokuwa juu ndani ya sanduku, khanga nyekundu. Maelezo hayo ya ndani ndiyo yanayosaidia lebo inapokuwa imekatika, kwa sababu masanduku meusi yenye magurudumu manne yapo mengi mno, lakini lenye khanga nyekundu juu kabisa ni moja. Alipewa ripoti ambayo mashirika huiita PIR, yenye namba ya ufuatiliaji inayoanza na herufi tatu za uwanja ambako ripoti ilifunguliwa, zikifuatiwa na herufi mbili za shirika na tarakimu tano. Usiondoke bila namba hiyo. Anayekujibu ni shirika lililokufikisha mwisho wa safari, hata kama kosa lilianzia kwa jingine.

Kwa safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia, uharibifu unatakiwa kudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na hasara ya kucheleweshewa ndani ya siku 21 tangu mzigo ulipokabidhiwa kwako. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 unaweza kudaiwa kuwa umepotea. Kikomo cha fidia, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, hiyo ikiwa ni hesabu ya fedha inayotumiwa na Shirika la Fedha Duniani. Si kiasi unacholipwa moja kwa moja, bali juu ya hapo hulipwi isipokuwa ulitangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia. Tunza risiti za mswaki, nguo ya kubadilisha na nauli ulizotumia ukingoja, kwa kuwa hizo ndizo gharama za kucheleweshewa.

Sanduku la kijani lilifika Guangzhou kesho yake, likiwa na lebo mpya ya haraka ambayo namba yake ilianza na 2, kama zinavyoanza lebo zote za mizigo inayosafiri bila mwenyewe. Wiki tatu baadaye mama alirudi Dar es Salaam, akapitia ofisini kwetu kushukuru, akilivuta sanduku lilelile. Nilimwomba alilaze sakafuni. Chini ya mpini kulikuwa na sitika nne: ya safari ile ya zamani, ya kwenda, ya lebo ya haraka, na ya kurudi. Tulizibandua zote kwa ukucha, na ile ya zamani, iliyokuwa imekauka na kushikamana na plastiki, tukailowesha kwa maji ya moto ya chai ndipo ikatoka.